Mashine Izimwe na Nani?

Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani kwa gundi, hatua tatu kutoka kwenye mashine, imefunikwa nailoni iliyogeuka njano kwa vumbi la pumba. Kichwa chake kilisema "Utaratibu wa Kusafisha Miksa". Chini yake kulikuwa na hatua tisa, sahihi mbili na mhuri wa kampuni. Wakaguzi walikuwa wameipita mara kadhaa, wakaandika kwenye fomu zao kwamba utaratibu upo. Upo kweli. Mimi niliitwa kuusoma baada ya kijana mmoja wa zamu ya usiku kuponea chupuchupu vidole vyake.

Kiwanda chenyewe, ambacho sitakitaja, kinatengeneza chakula cha kuku na ng'ombe. Miksa ni pipa refu la chuma lililolala, mfano wa mtumbwi wenye mfuniko, linalobeba tani moja kwa mara moja. Ndani yake kuna mhimili wenye mapanga yaliyojipinda kama utepe, yanayokoroga mahindi yaliyosagwa, mashudu, dagaa, chokaa na molasi. Chini ya pipa kuna lango la kuteleza la kumwagia mzigo uliochanganyika, na lango hilo husukumwa na silinda ya hewa inayotoka kwenye kompresa. Molasi ndiyo inayoleta taabu yote. Inanata kwenye mapanga na kwenye kingo za lango, na isipotolewa inachacha na kuota ukungu. Kwa hiyo kila mwisho wa wiki mtu lazima aingize mikono humo, na wakati mwingine aingie mwili mzima.

Hizi ndizo hatua tisa, kama zilivyoandikwa. Moja, mashine izimwe kwa kitufe chekundu. Mbili, mfuniko ufunguliwe. Tatu, mabaki yaondolewe kwa brashi na beleshi. Nne, kingo za lango la chini zisafishwe. Tano, usafishaji wa ndani ufanyike baada ya kuhakikisha umeme umezimwa kwenye paneli. Sita, ndani paoshwe kwa maji. Saba, mashine iwashwe dakika mbili ili kukausha. Nane, mfuniko ufungwe. Tisa, msimamizi ajulishwe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: vifaa vya kinga vivaliwe wakati wote.

Ukiisoma haraka inaonekana karatasi ya heshima. Ina kitufe, ina paneli, ina msimamizi, hata vifaa vya kinga havikusahauliwa. Ndiyo maana kusoma utaratibu wa kazi ukiwa umekaa ofisini hakutoshi, maana macho yanatafuta maneno yaliyozoeleka na yakiyakuta yanaridhika. Mimi huanza na penseli. Napiga mstari chini ya kila kitenzi, kisha najiuliza mtendaji wake yuko wapi.

Hapa lugha yetu yenyewe inatusaliti, na ni vizuri tuitazame. Kiswahili cha ofisini kinapenda kutendwa. Izimwe, ufunguliwe, yaondolewe, ajulishwe. Ile w ndogo iliyo karibu na mwisho wa kitenzi inasikika ya adabu na ya kisheria, lakini kazi yake halisi ni kumwondoa mtu kwenye sentensi. "Mashine izimwe" haimwagizi yeyote. Nilipiga mistari kumi chini ya vitenzi vya aina hiyo katika karatasi ile, na hapakuwa na hata kimoja chenye jina la cheo mbele yake. Nikaenda kuwauliza watu wanne wanaohusika, kila mmoja peke yake, nani anazima umeme kwenye paneli. Opereta akasema fundi. Fundi umeme akasema msimamizi wa zamu ndiye mwenye ufunguo wa paneli. Msimamizi akasema opereta ndiye anayejua amemaliza lini. Mama anayesafisha akanitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, mimi nikikuta taa imezimika naanza kazi."

Wote wanne walijibu kwa moyo safi. Kila mmoja aliamini kwamba kazi ile ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Hata neno "fundi" lilihitaji kuchambuliwa. Pale kiwandani kuna fundi umeme, fundi mitambo, fundi wa kuchomelea, na kijana yeyote anayejua kushika spana huitwa fundi kwa heshima. Ukiandika "fundi azime" umewaandikia watu saba, na kila mmoja ana haki ya kudhani ni mwingine. Cheo kwenye utaratibu lazima kimwangukie mtu mmoja kwa kila zamu, na siku asipokuwepo iwe imeandikwa nani anashika nafasi yake.

Baada ya vitenzi huja mpangilio. Hapa huwezi tena kukaa mezani. Nilimwomba yule mama na kijana aliyenusurika wanisindikize kwenye mashine ikiwa imesimama na imefungwa, tuisome karatasi hatua kwa hatua huku wakigusa kila kitu kinachotajwa. Sharti langu lilikuwa moja tu. Wasinionyeshe inavyotakiwa kufanyika, wanionyeshe walivyofanya Jumamosi iliyopita.

Hatua ya tano ndiyo iliyotusimamisha. Inasema usafishaji wa ndani ufanyike baada ya kuhakikisha umeme umezimwa. Msomaji aliyetulia anaelewa. Lakini mtu mwenye brashi mkononi anasoma kutoka mwanzo wa sentensi, na anatenda kadiri anavyosoma, kwa hiyo anaanza na usafishaji. Jambo la kwanza kutendwa limewekwa mwisho wa sentensi. Zaidi ya hapo, hatua ya tatu na ya nne zimeshampeleka ndani ya pipa na kwenye lango kabla hata umeme haujatajwa. Kilichomlinda mpaka hapo ni kitufe chekundu peke yake. Kitufe kile hukata mkondo mdogo unaoamuru mota, basi. Umeme mkubwa bado umesimama kwenye paneli unangoja. Mtu yeyote akikizungusha kitufe kikaruka nje, kisha akabonyeza cha kijani, mhimili unazunguka.

Nikamuuliza kijana ilikuwaje usiku ule. Akaeleza taratibu, huku ameweka mkono wa kushoto ndani ya ule wa kulia. Alikuwa kwenye hatua ya nne, anakwangua molasi kwenye kingo za lango lililokuwa wazi. Mwenzake alikuwa kwenye paneli, anataka kutimiza hatua ya tano. Mwenzake akashusha swichi kuu. Papo hapo lango likafunga kwa kishindo. Glovu ilibanwa ikabaki pale, naye akauchomoa mkono.

Kwa miezi mitatu watu wa pale walikuwa wakisema lango lile "lina hitilafu". Halikuwa na hitilafu. Hewa inayosukuma lango inaelekezwa na vali ndogo ya umeme. Vali ikiwa na umeme, hewa inaingia upande wa kufungua. Umeme ukikatika, springi iliyo ndani ya vali inairudisha mahali pake, hewa inageukia upande wa pili, na lango linafunga. Mtengenezaji alikusudia hivyo, ili umeme ukikatika katikati ya kazi mzigo usimwagike sakafuni. Silinda ile ina kipenyo cha sentimita 10 na hewa ya pale inafika baa 6. Ukipiga hesabu, nguvu inayosukuma lango ni sawa na uzito wa kilo 480 hivi. Hata mota ikazimwa na swichi kuu ikashushwa, hewa iliyobanwa kwenye mabomba haijui habari hizo.

Nataka msomaji akae hapa kidogo, maana ndipo kosa la mpangilio linapoonyesha sura yake. Hatua ya kuzima umeme ni hatua ya usalama. Ilikuwepo kwenye karatasi, na aliyeitekeleza aliitekeleza vizuri. Ila kwa kuwa iliwekwa baada ya mkono kuingia langoni, hatua hiyohiyo ya usalama ndiyo iliyolifunga lango. Mkaguzi anayehesabu kama hatua zote zipo asingeliona hili hata kwa mwaka mzima.

Na kulikuwa na hatua isiyokuwepo kabisa, yaani hewa. Karatasi nzima haikuwa na neno "hewa". Ninapokagua mashine yoyote nazunguka naandika kila kitu kinachoweza kuisogeza au kumdhuru mtu. Naandika umeme, hewa, mvuke, maji ya shinikizo, springi iliyokazwa, kitu kizito kilichoning'inizwa, joto. Kisha narudi kwenye karatasi kutafuta kila kimoja kinakatwa wapi, kinatolewaje kilichobaki ndani, na mtu anajuaje kwamba kimeisha. Kwenye miksa ile nilipata vitatu: umeme wa mota, hewa ya lango, na bomba la molasi ambalo pampu yake iko chumba kingine na ina swichi yake mwenyewe. Utaratibu ulitaja kimoja na nusu.

Hatua ya saba na ya nane zilinifundisha jambo jingine. Mashine iwashwe dakika mbili ikauke, halafu mfuniko ufungwe. Mfuniko wa miksa una swichi ya usalama, na ukiwa wazi mota haitakiwi kuwaka. Basi watu walifanyaje hatua ya saba? Nikauinua mfuniko nikaangalia. Swichi ilikuwa imefungwa kwa waya wa kutu, wa siku nyingi. Meneja alipoiona alikasirika, akataka jina la aliyefanya hivyo. Nilimwomba aisome karatasi yake kwanza. Ilikuwa inaagiza mashine iwashwe mfuniko ukiwa wazi, na hakuna njia ya kulitii agizo hilo bila ule waya. Mtu aliyeufunga alikuwa anatii. Tangu siku ile, nikikuta kinga ya mashine imefungwa waya, imewekewa kipande cha mbao au imetolewa, kabla ya kumtafuta mkosaji natafuta hatua iliyomlazimisha.

Tulikaa siku mbili kuandika upya, watu watano mezani, yule mama akiwa mmoja wao. Hatua ziliongezeka kutoka tisa hadi kumi na tano, na sikupenda, maana karatasi ndefu haisomwi. Lakini kila sentensi ikawa fupi na ikaanza na mtu. Opereta anamwaga mzigo wote na kusimamisha mashine. Opereta anawatangazia waliopo kwamba usafi unaanza na anahakikisha hakuna aliye karibu na lango. Fundi umeme wa zamu anashusha swichi kuu ya miksa na ya pampu ya molasi. Lango litafunga lenyewe, na hilo limeandikwa palepale ili lisimshtue mtu. Opereta anafunga vali ya hewa, anafungulia kitoleo mpaka mshale wa geji usome sifuri.

Kisha kufuli. Kila atakayeingiza mkono ndani anaweka kufuli lake kwenye swichi kuu na kwenye vali ya hewa, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Wakiwa wengi, kuna komeo la chuma lenye matundu sita, na kila mtu anapachika la kwake. Lebo yenye jina inaning'inia pamoja nalo, ila lebo peke yake haizuii kitu, ni maneno tu. Ufunguo wa akiba haukai kwa msimamizi wala kwenye droo, maana ufunguo wa akiba ni ruhusa ya mtu mwingine kuamua kwamba wewe umeshatoka. Marekani waliuweka mpangilio huu kwenye kanuni tangu 1989: kutayarisha, kuzima, kukata chanzo, kufunga kwa kufuli, kutoa nguvu iliyobaki, kuthibitisha. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ile ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamwekea mwajiri wajibu wa kulinda watu wake dhidi ya mashine. Ila hakuna sheria inayojua kwamba lango la miksa yako linafunga umeme ukikatika. Hilo lazima aliandike mtu aliyesimama mbele yake.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya kubadilishana zamu. Usafi ukianza saa kumi na moja alfajiri na zamu ikabadilika saa kumi na mbili, kufuli ni la nani? Wengine waliona ni jambo dogo. Niliwasimulia Piper Alpha, jukwaa la kuchimba mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini. Tarehe 6 Julai 1988, mafundi wa mchana walitoa vali ya usalama ya pampu moja kwa matengenezo, hawakumaliza, wakaziba tundu kwa bamba la chuma. Usiku pampu ya pili ikazima na kugoma kuwaka. Zamu ya usiku ikawasha ile ya kwanza bila kufahamu kwamba vali yake haipo, maana habari ya vali haikuwafikia. Gesi ikavuja, jukwaa likalipuka, watu 167 wakafa. Karatasi za vibali zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kumwambia mwenzake ana kwa ana, mbele ya pampu, kwamba hii isiguswe.

Tukaandika hivi: anayeondoka hatoi kufuli lake mpaka anayeingia ameweka la kwake, na wote wawili wamesimama mbele ya swichi. Hiyo inamchelewesha mtu dakika tano kufika kwenye daladala. Wafanyakazi waliomba dakika hizo zilipwe, na kwa maoni yangu walikuwa na haki kamili, kwa sababu dakika isiyolipwa ndiyo ya kwanza kurukwa. Meneja alikubali, ikaandikwa.

Vifaa vya kinga vikapanda kutoka chini ya karatasi hadi mwanzo, vikiwa vimetajwa kwa majina na kwa hatua vinapohitajika. Kuingia mwili mzima ndani ya pipa tukakutoa kabisa kwenye karatasi hii. Hiyo ni kazi ya kibali chake, yenye kupima hewa na mtu wa kusimama nje akimwangalia aliye ndani, na kuibana kwenye mstari mmoja wa usafi wa kila wiki ni kuidanganya. Lango, kwa kuwa sasa limefunga, opereta analifungua kwa mkono baada ya hewa kuisha na kupitisha pini ya chuma kulizuia lisirudi. Kukausha kukabadilishwa: mfuniko unafungwa kwanza, kila mtu anahesabiwa kwa jina, kila kufuli linatolewa na mwenye nalo, ndipo mashine iwashwe.

Kilichobaki kilikuwa kuijaribu. Karatasi mpya nilimpa binti aliyeajiriwa wiki ile, ambaye hakuwahi kuigusa miksa, nikamwomba aisome kwa sauti hatua moja moja, wahusika wakitekeleza mbele yetu sote. Msomaji mgeni ana faida kubwa kwa kuwa hana mazoea ya kuzibia mapengo. Kwenye hatua ya nne aliuliza kitoleo cha hewa ni kipi kati ya hivi viwili, tukakipaka rangi. Kwenye ya sita aliuliza kufuli yanachukuliwa wapi, tukagundua hatukuwa tumeandika.

Hatua ya saba ilisema: opereta anabonyeza kitufe cha kijani kuthibitisha kwamba mashine haiwaki. Fundi umeme aliona ni kupoteza muda, maana swichi ameishusha mwenyewe na kufuli liko juu yake. Alikuwa fundi mzuri, wa miaka mingi. Binti akasoma mstari kama ulivyo. Opereta akabonyeza.

Miksa ikanguruma, mhimili ukaanza kuzunguka.

Opereta alipiga kitufe chekundu, tukabaki tumesimama. Baadaye tulifuata nyaya kwa mkono kutoka kwenye mota mpaka kwenye paneli. Paneli iliwahi kuhamishwa ukuta, na wakati wa kuirudishia, kibandiko cha miksa kiliwekwa kwenye swichi ya eleveta ya mahindi na cha eleveta kwenye ya miksa. Fundi alikuwa amezima na kufunga kwa kufuli, kwa uangalifu wote, mashine nyingine. Katika karatasi ya zamani, wakati kama huo mama angekuwa ameshafika mabegani ndani ya pipa akiwa na brashi yake. Katika hii mpya, mfuniko unafunguliwa hatua ya nane.